Usimukaririshe Mutoto Wako

Wewe mama unayesoma hii, kama uko na mutoto anayefungua kitabu na kusema maneno bila kuangalia ukurasa, usifurahi. Mimi nilifurahi miaka miwili. Nilimaliza kalasi ya tano ya primaire tu, sina masomo mengi, lakini jambo hili nimelilipia machozi, kwa hiyo unisikilize.

Mutoto wangu anaitwa Maombi. Tunakaa Cimpunda, juu ya ule mteremko ambao mvua ikinyesha mutu anaushuka amekaa chini. Mimi nauza maharagi sokoni Kadutu. Baba yake, Floribert, anafanya kazi ya pikipiki Kamituga na anarudi mara moja kwa mwezi, akiwa na matope mpaka kwenye masikio.

Maombi alipita kalasi ya kwanza na ya pili kwa kukariri. Mutoto wa jirani alikuwa anamusomea ukurasa mara moja, mara mbili, na yeye anaushika wote kichwani. Kesho yake anausema mbele ya mwalimu, kidole kikitembea chini ya maneno vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nasema kwa watu: huyu atakuwa avocat, wakili wa mahakama. Lakini kalasi ya tatu ilimushinda. Kurasa zilikuwa nyingi, herufi ndogo, jirani amehama. Akaanguka, akarudilia mwaka. Mwezi wa tisa, directrice, mama mukubwa wa shule, akaniita akasema hawaweki mutoto mara tatu kwenye benchi moja.

Floribert alipokuja aliangalia bulletin, ile karatasi ya pointi za shule, muda murefu.

"Basi akikosa tena, mwezi wa saba naenda naye Kamituga," akasema. "Dada yangu anatafuta mutu wa kumusaidia kwenye restaurant. Kuosha sahani haiombi kusoma."

"Floribert, mutoto iko na miaka kenda."

"Na mimi nilianza kazi na miaka ngapi?"

Maombi alikuwa anasikia. Hakulia. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa tayari.

Ndiyo maana nikaenda kwa Maman Emérence. Ni mwalimu wa zamani, anapokea watoto wenye shida ya kusoma mchana kwenye chumba kidogo nyuma ya parokia. Alimupa Maombi kitabu cha shule. Maombi akasema ukurasa wote kama maji. Mimi nikatabasamu. Maman Emérence akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa.

"Hapa imeandikwa nini?"

Maombi akaanza tena toka juu, polepole, midomo ikitembea, mpaka akafika pale. "Sokoni."

"Na hapa?"

Akaanza tena toka juu.

Kisha akamwandikia maneno ambayo hayapo popote duniani: dabo, lufi, meku. Maombi akasema "baba", akasema "lulu", la tatu akaliruka. Maman Emérence akamuuliza mambo ya soko, ya bei, ya hadithi alizosikia kwa koko yake, bibi yake wa Luhwindja. Mutoto akajibu mpaka tukacheka wote. Akaniuliza kama macho yake na masikio yake yalipimwa. Nikasema ndiyo, kwenye dispensaire, hayana kitu.

"Maman Maombi, mutoto yako hana uvivu, hana upumbafu, na hakuna mutu alimuroga," akaniambia. "Hiyo inaitwa dyslexie. Kichwa yake inasumbuka sana kuunganisha sauti na herufi. Kule kwenu, kuna mwengine alisumbuka kusoma?"

Nilijifanya kama naangalia dirisha. Sikumwambia siku ile kwa nini mimi niliacha kwenye kalasi ya tano.

"Dawa yake iko?"

"Dawa hapana. Haiponi kama malaria. Lakini kusoma inafundishika, kama unafundisha kwa mupango. Na kila siku."

Akatupa mupango. Kwake mara mbili kwa wiki, nyumbani siku zingine, yote siku sita. Saa tisa, mutoto akisha kula na kupumzika. Dakika makumi mbili, isizidi. Kwanza kadi za silabi anazojua. Kisha kitu kipya kimoja tu: Maombi anakisema, anakiandika kwa kidole kwenye sinia ya maharagi, anakisema tena. Kisha anapanga kadi kutengeneza maneno, mimi ninamutajia machache naye anayaandika. Mwisho anasoma mistari mifupi ambayo ndani yake hamna kitu hajafundishwa, na haina picha ya kukisia.

"Akikosa, usiseme 'hapana'," Maman Emérence akaniambia. "Umuonyeshe silabi, aiseme, arudilie neno yote. Na umalize kila siku na kitu anaweza. Hadithi za vitabu vikubwa, umusomee wewe, ju akili yake isibakie nyuma ingali inangoja macho."

Wiki ya kwanza tulifanya sauti tu, tukipiga makofi: ma-ha-ra-gi. Wiki ya tatu b na d bado zilikuwa zinamuchanganya. Maman Emérence akasema tuzitenganishe: tushikilie b peke yake mpaka iwe ngumu kama jiwe, d ingoje. Mwezi wa kumi na mbili alisoma mistari minne. Yeye mwenyewe. Hakuna mutu alikuwa amemusomea. Polepole, kidole kikisukuma kila silabi kama mutu anasukuma pikipiki kwenye matope, lakini alisoma.

Hapo ndipo nikaharibu.

Sikuweza kungoja. Usiku roho yangu ilikuwa Kamituga, kila saa namuona mutoto na mikono kwenye maji ya mafuta. Nilitaka watu waone, na Floribert asikie. Mwezi wa pili nikamwendea Papa Ezéchiel, kiongozi wa shirika letu la kanisa, ile jumuiya ndogo ya majirani, nikamwambia siku ya mukutano Maombi atasoma somo, barua ya mitume. Maombi akaniambia, "Maman, ile barua bado siiwezi, iko na maneno marefu." Nikamwambia usiogope. Nikamuomba kijana mmoja asome ile barua, simu yangu ikamurekodi. Nikaacha kadi, nikaacha sinia. Saa nzima kila siku, simu inasema, Maombi anasema.

Siku ile tulikuwa watu makumi tatu kwenye uwanja wa Maman Joviale, mwenzetu wa shirika. Ikawa sikukuu ya mutakatifu musimamizi wa shirika, somo limebadilishwa, na mimi sikujua. Papa Ezéchiel alimupa kitabu kimefunguliwa kwenye somo lingine. Maombi akaangalia ukurasa. Akaniangalia mimi. Kisha akainua macho kwenye mabati na kusema ile barua ya simu, yote, bila kosa.

Watu wakatazamana. Maman Joviale akasema, "Huyu anasoma kitabu ya parokia gani?" Wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka. Kesho yake watoto wa avenue yetu wakaanza: "Radio Maombi, tufungulie habari."

Saa tisa ilipofika, kadi hazikuwepo. Nilizikuta zimefukiwa ndani ya gunia ya maharagi.

"Toa kadi tufanye."

"Sitaki tena."

"Unataka Kamituga?"

"Kule hawasomeshi mutu mbele ya watu," akasema.

Mkono wangu ulipanda. Nashukuru Mungu ulirudi chini bila kazi.

Maman Emérence alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipigia kelele, na ingekuwa afazali angepiga.

"Huyu mutoto alikuwa anaacha kukariri, fimbo yake ya zamani ya kuegemea," akasema. "Wewe ukamurudishia mukononi. Sasa nenda umuombe musamaha. Musamaha ya kweli, isiwe ya 'lakini'."

Nikaenda. Nilimukuta Maombi anachambua maharagi. Nikakaa chini nikamwambia nilikosa mimi. Nikamwambia na ile ingine, ambayo sijamwambia hata baba yake: kwamba niliacha masomo kwenye kalasi ya tano ju maneno yalikuwa yananikimbia kama yake, na bwana mwalimu alikuwa ananisimamisha mbele ya wenzangu.

Akatupa maharagi mabovu mawili. "Na wewe walikuwa wanakuita nani?"

"Kipofu."

Akafikiri. "Radio ni nzuri kidogo."

Tukaanza upya, na mara hii kwa mashauri ya Maman Emérence tulirudi nyuma hatua mbili, kwenye vitu alivyokuwa anaviweza. Dakika kumi tu, wiki nzima. Maombi ndiye anachagua tuanze na nini. Akapewa kaye, daftari ya viraba: kila Jumamosi anasoma dakika moja, tunahesabu maneno aliyosoma vizuri, anapaka rangi viraba hivyo yeye mwenyewe. Anashindana na Jumamosi iliyopita tu, si na mutoto wa mutu. Na kazi ya mwisho ikawa hii: yeye ndiye mwalimu. Ananitajia neno, naandika, anakosoa na biki nyekundu.

Ile biki ndiyo ilimurudisha. Siku ya kwanza niliandika "mwezi" nikasahau w. Akaishika kaye kama directrice.

"Maman. Sema silabi ya kwanza."

"Mwe."

"Umeandika mwe?"

"Nimeandika me."

"Rudilia neno yote," akasema. Hakusema hapana.

Jumamosi ya kwanza viraba vilikuwa sita. Pasaka vikafika kumi na tano. Kuna Jumamosi vilishuka, akatupa rangi. Tukaangalia ukurasa wa kwanza wa kaye, akaokota rangi. Hakuna mutu tulimwalika kuona.

Mwezi wa sita directrice alimuita kwa épreuve, mutihani wa kusoma. Mimi na Floribert tulikaa kwenye benchi karibu na mlango, yeye na koti lake la pikipiki, mimi nimeshika rozari ambayo siisali. Directrice alikuwa mama mwenye huruma. Alifungua kitabu cha shule, ule ukurasa wa soko.

Maombi akaangalia, akakisukuma kitabu polepole.

"Madame, hii naijua na kichwa. Unipe ingine."

Nilisikia Floribert anavuta pumzi. Mimi nilitaka kusimama nimufunge mdomo. Nikasema moyoni: kwa nini, mwanangu, na mlango umekwisha kufunguliwa?

Directrice akatafuta kwenye droo, akatoa karatasi ya mistari saba, habari ya mwanamuke na mbuzi. Maombi akaweka kidole. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Kwenye wa tatu akasema "alimuuza", akasimama, kidole kikarudi. "A-li-mu-fu-nga. Alimufunga." Akaendelea. Ilikuwa polepole, kila mutu angeona ni polepole. Ilipofika mwisho akafunga mdomo kama mutu ameweka mzigo chini.

"Alimufunga nani, na ju ya nini?" directrice akauliza.

"Mbuzi. Ju alikula mboga ya jirani." Kisha akaongeza, "Lakini kosa ni ya jirani, hakujenga lupango ya kuzunguka shamba."

Directrice akacheka, akaandika kwenye bulletin: anapita kalasi ya nne, aongezewe muda kwenye mitihani, aendelee na Maman Emérence. Alimupa Maombi mwenyewe aisome. Alisoma "anapita" mara mbili. Mara ya pili haikuwa ya lazima.

Nje, Floribert alitoa simu akampigia dada yake. Mutandao ulikuwa mubaya, akalazimika kupaza sauti barabara nzima isikie.

"Utafute mutu mwengine wa sahani," akasema. "Huyu wangu iko anasoma."