Pepopunda Haiachi Kumbukumbu

Phelesia Akoth alisomea uuguzi kwa sababu ya baba yake. Binti akiwa kidato cha nne, baba huyo, Willis, alilazwa wiki tano kwa pepopunda. Mgongo ulikuwa ukijipinda kama upinde kila mlango ulipogongwa, na wazee wa kanisa walikuja mara mbili kumuaga. Hakufa. Alirudi Awendo amekonda, akashika panga lake, akaendelea kukata miwa. Karatasi ya kumruhusu kutoka hospitali, iliyoandikwa chini kwamba arudi kuchanjwa, aliikunja akaitia ndani ya Biblia. Kuchanjwa dhidi ya nini tena? Ugonjwa wenyewe alikuwa ameushinda. Watu wa Awendo walimpa jina, mtu aliyerudi, na yeye alilipenda.

Sasa Phelesia alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Homa Bay. Alhamisi moja jioni alikuwa amekaa kitandani na daftari lake, kwa sababu kesho yake kulikuwa na jaribio la somo la kinga ya mwili. Alikuwa amegawa ukurasa katikati kwa mstari. Upande mmoja aliandika kinga ya asili: ngozi, makamasi, asidi ya tumbo, homa, seli nyeupe zinazofika kwenye jeraha katika saa chache na kumeza chochote kigeni. Upande wa pili aliandika kinga inayojifunza: seli B na seli T, kingamwili, polepole mara ya kwanza, haraka mara ya pili kwa sababu ya seli za kumbukumbu. Chini yake akapigia mstari: kumbukumbu hutokana na ugonjwa wenyewe au na chanjo.

Simu ikaita. Alikuwa baba.

"Daktari wangu," alisema Willis. Alimwita hivyo tangu siku ya kwanza ya chuo. "Kisiki cha muwa kimenidunga mguuni leo. Kimepita soli ya akala mpaka ndani."

"Umekitoa?"

"Nimekitoa. Mama yako hapa anapiga kelele niende zahanati nikadungwe sindano ya pepopunda. Nikamwambia ngoja, tuna mtu anayesoma mambo haya. Wewe unasemaje?"

Phelesia alitazama sentensi aliyokuwa ameipigia mstari. Alijisikia vizuri, kusema kweli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaka jibu ambalo alikuwa nalo mbele ya macho.

"Baba, pepopunda umeshaugua. Mwili wako unaijua. Kuna seli zinaitwa za kumbukumbu. Ikirudi, zinaipiga kabla hujasikia kitu. Osha tu kidonda kwa maji mengi na sabuni."

"Unasikia?" Willis alimgeukia mkewe upande ule wa pili. "Mwili unakumbuka! Mtoto amesema."

Mama yake, Truphena, alisema kitu kwa mbali, Phelesia hakukisikia vizuri. Wakaagana.

Kesho yake jaribio lilikuwa na maswali kumi na mawili. Mengi yalikuwa ya kutenganisha: hili ni la kinga ya asili au ya inayojifunza? Jipu linalovimba siku ya kwanza. Asili. Kingamwili zinazolenga virusi vya surua peke yake. Inayojifunza. Swali la kumi na moja lilisema: *Mtu aliyeugua pepopunda akapona hahitaji tena chanjo yake. Kweli au si kweli? Eleza.* Phelesia aliandika Kweli bila kusita, akaeleza kwa mistari sita, na ndani ya mistari hiyo akamtaja mgonjwa mmoja anayemjua wa Awendo.

Jumatatu alipiga simu nyumbani. Willis alisema mguu ulivimba, ukawa moto, ukatoa usaha kidogo, sasa umenywea. "Mwili umefanya kazi yake," alisema. Phelesia alikubali.

Karatasi zilirudishwa Alhamisi iliyofuata. Mwalimu wao, Bi Marcella, alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya wodi miaka mingi kabla ya kufundisha, na hakupenda kupiga kelele. Swali la kumi na moja alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: *Hili linaua.*

"Nusu ya darasa mmelikosa," alisema. "Sikilizeni. Kinga ya asili haikumbuki kitu chochote. Ukichomwa mwiba leo, na mwaka kesho uchomwe mwingine, inakuja kwa njia ileile. Itavimbisha, itatoa usaha, na mgonjwa atadhani ameshinda. Lakini kule chini kabisa kwenye kidonda, kusikofika hewa, mbegu za pepopunda zinaamka na kutoa sumu. Hizo seli za kuvimbisha haziizuii sumu."

"Na kinga inayojifunza?" aliuliza mmoja.

"Ili ijifunze, lazima imwone adui kwa kiasi cha kutosha. Sumu ya pepopunda ni kali mno. Kiasi kinachoweza kumuua mtu ni kidogo kuliko kinachotakiwa kuziamsha seli B. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kufika mlangoni mwa kaburi, akarudi, na mwili wake usiwe umejifunza lolote. Surua ukiiugua, mwili hausahau. Pepopunda haiachi kumbukumbu. Ndiyo maana tunamchanja hata aliyepona. Chanjo ni sumu hiyohiyo iliyonyang'anywa makali, kwa hiyo tunaweza kumpa nyingi bila kumdhuru. Seli zinaiona, zinajifunza, nyingine zinabaki kuwa seli za kumbukumbu. Dozi zinazofuata zinaziongeza na kuziimarisha."

Phelesia aliinua mkono.

"Mwalimu, mtu kama huyo akiumia leo, hajawahi kuchanjwa. Akidungwa chanjo leo?"

"Chanjo ya kwanza inachukua wiki mbili hivi kabla mwili haujatoa kingamwili za maana. Sumu haimsubiri. Kwa hiyo kidonda kichafu kama hicho anapewa vitu viwili: kingamwili zilizotengenezwa tayari, zimlinde sasa hivi, ingawa hazimwachii kumbukumbu yoyote, na chanjo, mahali pengine mwilini, kwa ajili ya siku za mbele. Mapema, kabla ya dalili." Bi Marcella alimtazama. "Ni nani ameumia?"

Phelesia alikuwa ameshafika mlangoni na simu mkononi.

Truphena ndiye aliyepokea. "Baba yako hajambo, ila jino linamsumbua. Tangu jana taya limekaza. Chai anainywa kwa kijiko. Nimempa maji ya chumvi asukutue."

"Mama, si jino." Phelesia alikuwa tayari anatembea kuelekea kituo cha magari. "Mpeleke hospitali. Sasa hivi. Usisubiri mimi nifike."

Alimkuta saa tisa alasiri katika hospitali moja mjini Migori, ndani ya chumba kilichofunikwa madirisha kwa mablanketi ili mwanga usimshtue. Uso wa Willis ulikuwa umevutwa, meno yako wazi kama anayecheka. Phelesia aliujua uso huo. Alikuwa ameuona akiwa kidato cha nne.

Tabibu wa zamu, kijana mpole aliyeitwa Motari, alimweleza nje kwenye korido. Walikuwa wamekata nyama iliyokufa mguuni, wakampa dawa za kulegeza misuli, wakamdunga kingamwili.

"Zitasaidia?" aliuliza Phelesia.

"Zinakamata sumu ambayo bado inazunguka. Ile iliyokwisha kuingia kwenye neva hatuwezi kuitoa. Hiyo tunaisubiri tu. Wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, sivyo? Basi unajua, dalili zikianza mapema hivi baada ya kuumia si nzuri. Hakuchanjwa mara ya kwanza?"

"Aliambiwa arudi. Hakurudi."

"Na safari hii, alipodungwa na kisiki, hakuna aliyemshauri?"

Phelesia aligeuzia uso ukutani. Motari alidhani ni machozi, akamshika bega, akaondoka.

Siku nne alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, anahesabu pumzi, anazuia watu wasifunge mlango kwa nguvu. Siku ya pili Willis aliweza kusema maneno machache kati ya meno yaliyobana.

"Nyara," alimwita, binti yangu kwa Kijaluo. "Mwili... umesahau?"

"Haukujua, baba. Haukuwahi kujua. Mimi ndiye niliyekosea."

Hakujua kama alimsikia. Misuli ilimshika tena, na muuguzi akaja na sindano. Jumatatu adhuhuri mapigo ya moyo yalianza kupanda na kushuka ovyo, na kabla ya saa nane yalikuwa yamekoma.

Nyumbani Awendo hema lilisimikwa, na ndugu wakaja. Siku moja kabla ya maziko, Oliver, kaka mkubwa wa Willis, alikaa na wanaume wengine mbele ya nyumba akamwita Truphena. Phelesia alisimama mlangoni nyuma ya mama yake.

"Mama Phelesia," alisema Oliver, "tunataka kuelewa. Mtu huyu aliumia wiki nzima. Ugonjwa huu mliujua. Sindano ipo zahanati, si mbali. Wewe ulikuwa unampa maji ya chumvi. Kwa nini hukumpeleka?"

Phelesia alisogea mbele. "Baba mkubwa, siyo mama. Ni..."

Truphena alimkanyaga mguu. Hakugeuka hata kumtazama. "Ni kweli," alisema. "Nilidhani ni jino. Nilichelewa."

Wanaume walitikisa vichwa. Mmoja alitema mate kando. Oliver alisema uzembe wa mwanamke unaweza kumaliza boma, na Truphena akainama akasikiliza mpaka mwisho.

Jikoni, moshi umejaa, Phelesia alimshika mkono. "Mama, ulitaka kumpeleka. Mimi ndiye nilimzuia. Kwa nini umesema hivyo?"

"Najua ni wewe. Nilikuwa hapo simu ilipopigwa." Truphena aliondoa mkono wake taratibu, akaendelea kuchochea kuni. "Wakijua, watasema mtoto alimuua baba yake kwa masomo. Hawatakuacha umalize. Mimi ni mjane tayari, wataniongezea nini? Nenda ukasome vizuri. Lile ulilolikosa, usilikose tena."

"Nitawaambia."

"Ukiwaambia sitakusamehe." Halafu akageukia sufuria: "Hata sasa sijui kama nimekusamehe. Niache nipike."

Walimzika Willis Ijumaa. Jumapili Phelesia alifunga begi. Truphena alikuwa shambani, hakuja kumuaga. Oliver ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani, akimbebea begi lake njia nzima.

"Wewe ndiye tumaini letu sasa," alimwambia. "Ndugu yangu alikuwa anakutaja kila mahali. Ungekuwa hapa siku ile, asingekufa. Ungemwambia la kufanya."

Gari lilikuwa linakuja. Phelesia alipokea begi kwa mikono miwili.

"Asante, baba mkubwa," alisema, akapanda.