Wavamizi wa Ng'ambo

Wiki ya mwisho ya Shaabani, pale kila nyumba ya Unguja inapotaka mtungi wake wa gesi ujae kabla mwezi haujaandama, kampuni ya Mwako iligundua kwamba inashambuliwa.

Aliyegundua ni Ubwa, mshauri wa usalama wa mtandao, mtu wa koti na tai hata joto likipasua mawe. Asubuhi hiyo alipanda ngazi za ofisi ya Mwako pale Kiponda, akafungua kompyuta yake, akakuta mchoro wa maombi yaliyozuiwa na faiawoli umesimama wima kama mnazi. Hakukaa. Alikwenda nayo moja kwa moja chumbani kwa mkurugenzi, Bwana Abrahman.

"Bwana, tumevamiwa. Ila usiwe na khofu. Hakupita hata mmoja."

Mwako inauza gesi kwa njia ya tovuti. Mteja anajaza jina lake, upande wa mji anaokaa, mtaa, na maelekezo ya nyumba, kisha bajaji inatoka ghalani Bububu na mtungi. Mbele ya tovuti hiyo ndipo ilipowekwa faiawoli, mlinzi wa mlangoni: kila ombi linalokuja analisoma kwanza, na likifanana na hila za wezi wa mtandao, analirudisha hapo hapo. Kanuni za kumtambua mwizi Mwako hawaziandiki wenyewe. Zinaandikwa na kampuni ya nje inayouza huduma hiyo, nayo huzibadilisha kila inapoona haja. Ubwa alikuwa ameshauri kwamba kila toleo jipya la kanuni lianze kazi papo hapo, bila ya kujaribiwa kwanza. "Mwizi hangoji majaribio," alisema wakati ule, na kikao kizima kikatikisa vichwa kwa kukubali.

Toleo jipya lilikuwa limeingia usiku wa kuamkia siku hiyo.

Bwana Abrahman aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuipenda kampuni yake, na alikuwa hajapata kushambuliwa maishani. Alihisi kama amepandishwa cheo.

"Kwa hiyo tumekuwa wakubwa kiasi hicho?"

"Wakubwa, bwana. Hawavamiwi wadogo."

"Basi waite waandishi wa habari. Umma una haki ya kujua."

Chumba cha pili hali ilikuwa nyengine. Hija, mwanamke wa huduma kwa wateja, alikuwa na simu sikio hili na simu sikio lile, na ya tatu inalia mezani. Alimwita Tahiya, mhandisi aliyeijenga tovuti.

"Tahiya, mwanangu, njoo unisaidie. Watu wanasema wakibonyeza 'agiza' wanaandikiwa 'Ombi lako limezuiwa kwa sababu za kiusalama.' Mmoja kaniuliza usalama wa nani, yeye anataka kupika tambi."

"Wote?"

"Si wote. Bibi wa Shangani kaagiza vizuri, na wa Malindi pia. Hawa wanaolia ni wa Kikwajuni, Michenzani, Rahaleo…"

Tahiya alivuta kiti. Kuzisoma kumbukumbu za faiawoli aliruhusiwa. Kubadilisha kanuni hakuruhusiwa, maana funguo hizo alikuwa nazo Ubwa peke yake. Alisoma mstari baada ya mstari. Maombi yote yaliyozuiwa yalikamatwa na kanuni moja, ile ile, na katika sehemu moja ya fomu, ile ya anuani. Akachukua simu yake mwenyewe, akaagiza mtungi kwa anuani ya Shangani. Ukapita. Akaagiza mtungi ule ule, jina lile lile, akabadilisha upande wa mji tu. Ukazuiwa.

"Lahaula," alisema.

Fomu ya Mwako inamtaka mteja achague upande wake: Mji Mkongwe, Ng'ambo, au Shamba. Kisha tovuti inauunganisha upande na mtaa kwa vistari viwili, kwa sababu Bwana Abrahman aliwahi kusema vistari viwili vina heshima kuliko mkato. Kwa hiyo mtu wa Kikwajuni anuani yake inatoka hivi: Ng'ambo -- Kikwajuni. Na wezi wa mtandao wana hila moja ya zamani: wanaandika ritifaa, kile kialama kilichomo ndani ya neno Ng'ambo, ili kuifungua sentensi inayokwenda kwenye hifadhidata, wanapachika amri yao, kisha wanatia vistari viwili ili kila kilichobaki kisisomwe. Kanuni ya zamani ilitaka kuiona na hiyo amri ya wizi katikati ndipo izuie. Ya toleo jipya ilitosheka na ritifaa na vistari viwili mbele yake.

Mji Mkongwe hauna ritifaa. Wala Shamba haina. Ng'ambo inayo.

Tahiya alikwenda kwa mkurugenzi na kompyuta mkononi. Alieleza polepole, akaonesha jaribio lake. Bwana Abrahman alimsikiliza kwa adabu, kisha akamtazama Ubwa.

"Inawezekana," alisema Ubwa, "wavamizi wanajifanya wateja. Ndiyo hila yenyewe hiyo."

"Wateja wanampigia simu Hija," alisema Tahiya. "Mvamizi gani anapiga simu kulalamika?"

"Mjanja."

"Kwani wewe, Tahiya," alisema Bwana Abrahman kwa upole, "unataka niwaambie waandishi wasije? Nshawatumia nauli."

Ubwa, ili kuonesha kwamba hali imedhibitiwa, akachukua hatua ya ziada. Alizikusanya namba za intaneti walikotokea wavamizi, akazifungia zote kabisa. Hakufikiri kwamba simu za mkononi hazina kila moja namba yake ya intaneti. Maelfu ya simu za kampuni moja hutoka nje kwa namba hizo hizo chache, kama nyumba nyingi zenye mlango mmoja wa barabarani. Haukupita muda, bibi wa Shangani naye akapiga simu. Alikuwa ameagiza asubuhi vizuri, sasa anataka kuongeza mtungi wa dada yake, anaambiwa ni hatari kwa usalama. Malindi wakafuata, kisha Bububu yenyewe, nje ya geti la ghala. Waliobaki wakipita ni wageni wa mahoteli wenye intaneti ya waya, nao hawapiki.

Mchoro ulizidi kupanda. Ubwa aliutazama kwa fahari.

Waandishi walifika, wakapewa maji na sambusa. Bwana Abrahman alisimama chini ya bango lililoandikwa kwa haraka, akasema kwamba kampuni yake, kwa uwezo wa Mungu na uwekezaji wa busara, imewazuia maelfu ya wahalifu wa kimataifa. Mwandishi mmoja wa redio, bibi aitwaye Radhiya, aliinua kalamu.

"Wanatokea nchi gani?"

"Uchunguzi unaendelea," alisema Ubwa, akawasha skrini kubwa ukutani. "Lakini nitawaonesha mmoja, mkaidi kuliko wote. Tangu alfajiri anazuiwa, anarudi. Anazuiwa, anarudi. Tazameni maandishi aliyojaribu kupenyeza."

Kwenye skrini kulitokea ile sehemu ya ombi iliyokamatwa, kwa herufi kubwa: *Ng'ambo -- Miembeni, mlango wa kijani, kwa Bi Mwanakheir, mama mkwe wa mwenye gesi.*

Radhiya aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa ajili ya redio.

Uso wa Bwana Abrahman ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mlango ulifunguliwa, akaingia Bi Mwanakheir mwenyewe na buibui lake, anatweta kwa ngazi, na nyuma yake hamali amebeba mtungi mtupu begani. Simu zote za Mwako zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo alikuwa amevuka barabara ya Darajani kwa miguu.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Abrahman.

"Marahaba. Abrahman, mimi nimekukosea nini?"

"Hujakosea, mama."

"Basi mbona nimeandikiwa kuwa mimi ni khatari? Nimebonyeza mpaka kidole kimeniuma. Nikasema labda miwani. Jirani yangu kabonyeza na yeye, kaambiwa vile vile. Mtaa mzima tumekuwa khatari." Aligeuka akaiona skrini. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. "Jina langu linafanya nini pale juu?"

Radhiya alikuwa anaandika kwa kasi sana.

"Zima," Bwana Abrahman alimnong'oneza Ubwa. "Zima hiyo faiawoli. Yote. Sasa hivi."

Ubwa, aliyekuwa na jasho mpaka kwenye tai, alinyoosha mkono, na Tahiya akamzuia.

"Usiizime yote. Wezi wa kweli wapo, na kanuni nyengine zinawazuia. Hii moja tu, iweke ihesabu bila kuzuia. Tutaendelea kuona inamkamata nani, lakini watu watapita. Kisha ondoa zile namba ulizozifungia. Kisha turudi kwenye toleo la jana, na jengine lisianze kazi mpaka tulijaribu."

"Mpe funguo," alisema Bwana Abrahman.

Ubwa alimpa. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko hotuba. Tahiya alimwomba Bi Mwanakheir abonyeze tena, na safari hii simu ikaandika "Ahsante, mtungi wako unakuja." Hamali, aliyekuwa bado amesimama na mtungi mtupu, aliuliza kama sasa anaweza kuutua.

Bwana Abrahman, akishapumua, alipata wazo la utawala. "Lakini tatizo ni hilo neno. Hatuwezi kulibadilisha? Tukaandika 'Upande wa Pili', au 'Mji Mpya'?"

"Badilisha vistari vyako," alisema Bi Mwanakheir. "Sisi Ng'ambo tumeikuta na ritifaa yake."

Vistari vilibadilishwa jioni ile, vikawa mkato. Tahiya aliwaandikia wenye kanuni, akawapelekea mifano ya maombi ya halali yaliyozuiwa. Walijibu kwa shukrani nyingi, wakasema mifano kutoka lugha zenye ritifaa katikati ya maneno huwa hawaipati mara kwa mara, na toleo lililofuata lilikuwa limerekebishwa. Tahiya alilijaribu kwa kuhesabu tu kwanza, likapita salama.

Redio ilitangaza habari. Radhiya aliisimulia kama ilivyokuwa, na Unguja nzima ikacheka, lakini gazeti moja, ambalo mwandishi wake aliondoka baada ya sambusa, liliandika kwamba Mwako imewashinda wahalifu wa kimataifa. Gazeti ndilo lililotiwa kwenye fremu. Ubwa alipewa cheti, na kwa msingi wa cheti hicho akaajiriwa na kampuni nyengine kuwawekea faiawoli.

Hija na Tahiya walikaa siku zilizobaki za Shaabani wakiwapigia simu waliozuiwa, mmoja mmoja, kuwaomba radhi. Wengi walisamehe, maana mwezi ulikuwa unakaribia. Mama mmoja wa Rahaleo alisikiliza maelezo yote, ya ritifaa na ya vistari, mpaka mwisho.

"Nimekufahamu, mwanangu," alisema. "Lakini mimi nshanunua makaa."