Toa Ishirini

Maji hayana akili, ndiyo maana siyalaumu. Maji yalielekezwa. Miaka saba iliyopita wakubwa wa ofisi ya ujenzi walipitisha barabara juu ya mtaa wetu, wakaweka kalavati, na mdomo wa kalavati wakaugeuzia kiwanja changu, kwa kuwa upande wa pili anakaa mtu mwenye gari. Mwaka wa kwanza ulikuwa mfereji wa kuruka kwa hatua moja. Mwaka wa pili mbuzi wa jirani alitumbukia akavunjika mguu. Leo ni korongo, na ukisimama ndani yake ukingo unakuzidi kichwa.

Mke wangu nilimzika nyuma ya nyumba. Siku ile tulihesabu hatua kumi na mbili kutoka kaburini hadi ukingoni, tukaona panatosha. Miaka mitatu baadaye zilibaki hatua mbili.

Nilikwenda ofisini kwao mara ngapi sijui. Mhandisi, kijana mwenye kiti cha kuzunguka, alinisomea waraka. Korongo lililofikisha mita za ujazo mia tano ni dharura: maji yanageuzwa na mawe yanaletwa kabla ya mvua. Chini ya hapo unasubiri orodha ya mwaka ujao.

"Nani amelipima langu?" nikamuuliza.

"Tumelikadiria, mzee. Kama mia tatu hivi."

"Mmelikadiria mkiwa wapi? Humu ndani?"

Akasema nikileta vipimo vyenye muhuri wa mpimaji, atavipokea. Aliona nimeshashindwa, mtu wa darasa la nne. Hakujua kwamba dada mdogo wa marehemu mke wangu ana binti, na binti huyo ni mpimaji wa ardhi mwenye muhuri wake. Mimi ananiita Baba, maana mke wangu alikuwa mama yake mkubwa.

Alikuja asubuhi yenye mawingu. Nilitegemea atashusha vyombo vya miguu mitatu. Akatoa simu.

"Umekuja kupima au kupiga picha za harusi?" nikamwambia.

"Vyote viwili, Baba. Bwana harusi ni wewe, shika panga ufyeke hizo nyasi za ukingoni. Nyasi zinaficha udongo, na mimi nataka udongo."

Nikafyeka. Kwa mawingu alifurahi, akasema jua kali lingetupa vivuli vyeusi humo ndani na simu isione kitu. Akaweka chini mabamba manne yenye miraba myeusi na myeupe, mawili upande wa juu na mawili upande wa chini. Kisha akaanza kutembea kando ya korongo, hatua moja picha moja, akarudi upande wa pili, akashuka ndani akapiga tena akitazama kuta. Nilipojaribu kumsaidia kwa simu yangu, nikasimama nikawa nazunguka nayo, akacheka.

"Baba, unatafuta mtandao? Usizunguke, tembea. Kila jiwe lionekane kwenye picha tatu au nne, na kila picha kutoka mahali tofauti. Kompyuta italitafuta jiwe lile lile kwenye picha zote. Ikiona lilivyohama kutoka picha hii hadi ile, itajua simu ilikuwa wapi na jiwe liko wapi. Ikifanya hivyo kwa maelfu ya mawe, korongo zima linasimama."

"Na ukubwa wake?"

"Hapo ndipo haijui. Umbo inalo, ukubwa haina. Kwa kompyuta, korongo hili laweza kuwa bonde au njia ya siafu. Sisi ndio tunaiambia: kutoka bamba hili hadi bamba lile ni mita kadhaa. Una tepu? Yangu nimeisahau kazini."

Nilikuwa nayo. Tepu yangu ya uashi, ya tangu tukifanya kazi pamoja mimi na mke wangu, mimi mwashi yeye kibarua wangu. Nikashika ncha kwenye bamba la kwanza, binti akasoma kwenye la pili: mita mbili kamili. Akaandika. Tulipogeuka kwenda kupima mabamba ya chini, tukakuta ukingo umeporomoka nayo.

"Basi tuna kipimo kimoja," akasema, uso umemkunjamana. "Ningependa kuwa na cha pili cha kuhakikishia."

Picha zilikuwa mia tatu na kumi. Baada ya siku mbili alirudi na kompyuta, akaiweka kwenye meza yangu ya kulia, na kweli korongo langu lilikuwa humo, na ufa wake na mizizi yake. Alilifunika kwa kitu kama kifuniko, kufuata ukingo wa pande zote, jinsi ardhi ilivyokuwa kabla haijaliwa. Kilicho kati ya kifuniko na udongo ndicho kilichopotea.

"Mia sita na arobaini," akasema.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka ndani ya nyumba ile.

Kisha akaligeuza korongo kwa kidole ili tulione kwa chini, na kicheko kikanikauka. Ukingo wa upande wa kaburi ulikuwa umeliwa kwa ndani, kama jino bovu ambalo kwa nje bado jeupe. Nilikuwa nikisimama pale kila jioni nikizungumza na mke wangu, na chini ya nyayo zangu palikuwa patupu.

"Baba, usisimame tena pale," binti akasema.

Akapeleka ofisini kwao karatasi yenye jina lake na muhuri wake. Wiki moja ikapita. Siku ya nane akanipigia.

"Baba, Mhandisi ameirudisha. Anasema mchoro wao unaonyesha ukuta wa mdomo wa kalavati una urefu wa mita tatu na sentimita sitini. Ukuta huo umo kwenye picha zangu, na kwangu unakuja mita nne. Anataka kujua nani mwongo."

Siku moja ndani ya miaka saba mtu yule aliuliza swali la maana, nalo likaniangukia mimi.

"Wao ni waongo," nikasema. "Walijenga tofauti na mchoro. Lini waliwahi kufuata mchoro?"

"Na mimi nilifikiri hivyo. Niko mbali leo. Nenda ukaupime, uniambie. Nitaandika utakachoniambia."

Nikaenda na tepu yangu. Nikaweka ncha pembeni mwa ukuta, nikaivuta, nikasoma: mita tatu na themanini. Si tatu na sitini, wala si nne. Nikasoma tena. Hapo ndipo nilipokumbuka, nikakaa juu ya kalavati lao.

Tepu ile ilikatika ncha zamani, sentimita ishirini za mwanzo hazipo. Hatukununua nyingine. Mimi nilikuwa nikishika ncha iliyokatika, mke wangu akisoma upande wa pili na kusema kwa sauti, "Toa ishirini!" Hesabu alikuwa akipiga yeye, mimi nikichonga tofali. Miaka kumi na tisa sikuwahi kutoa ishirini kwa kichwa changu mwenyewe, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi ya mwenzangu. Siku ya mabamba nilishika ncha kama kawaida, nikangoja kusikia kipimo. Aliyesoma hakujua, na aliyejua yuko chini ya udongo.

Kwa hiyo mita mbili zetu zilikuwa mita moja na themanini. Na ukuta ulikuwa tatu na sitini, sawasawa na mchoro wao.

Simu ilikuwa mkononi. Ningesema "nne," binti angeandika nne. Mhandisi asingetoka kwenye kile kiti kuja kujikwaa huku; mawe yangekuja, na mke wangu angebaki alipo. Nani angeumia? Wamenidanganya miaka saba, mimi ningewadanganya mara moja. Nilikaa na neno lile mdomoni mpaka likawa chungu. Lakini wao wakidanganya hakuna jina linaloandikwa. Chini ya karatasi ile palikuwa na jina la binti wa watu, na siku wakiupima ukuta wao, yeye ndiye angevuliwa muhuri. Mhandisi angebaki kitini.

Nikapiga. "Ni tatu na sitini," nikasema. Nikamweleza habari ya tepu.

Hakunigombeza. Nilimsikia akibonyeza vitufe. "Mia nne sitini na saba," akasema baada ya muda.

"Sentimita ishirini tu! Zimemezaje mita zote hizo?"

"Baba, wewe mwashi. Ukipunguza kibao cha kufyatulia tofali urefu peke yake, unapoteza kidogo. Ukipunguza na upana, na kina vilevile, utashika tofali la mtoto. Kosa letu limeingia pande zote tatu."

Nikaelewa. Ningependa nisingeelewa.

Karatasi ilisahihishwa, Mhandisi akatuandika orodha ya mwaka ujao. Yalikuwa yamebaki majuma matatu mvua ianze. Nikaomba kibali cha kumfukua mke wangu. Kwa hilo hawakunizungusha, kikatoka siku ya tatu. Jiwe moja miaka saba, maiti siku tatu.

Binti alitupangia kazi kwa lile umbo lake. Kwa kipimo kilichosahihishwa, pango la chini lilikuwa limebakiza sentimita arobaini kufika kaburini. Akatuonyesha upande wa kusimama na upande wa kutokanyagwa kabisa. Tulikuwa watu watano, tukachimba kwa zamu. Sitaeleza tulichokiona. Tulimhamishia kwa ndugu zake, juu kwenye mwinuko, safari ya nusu siku kutoka kwangu. Shimo hatukulifukia, hakuna aliyetaka kukaa pale na koleo.

Mvua ikaja kama ilivyotegemewa. Ukingo ukaanguka, shimo la kaburi likafunguka na kuwa kitu kimoja na korongo. Ilipotulia, binti akarudi na tepu mpya, mabamba sita na vipimo vitatu, na vyote vikakubaliana. Akapiga picha, akaondoka, akarudi na kompyuta. Tukakaa kwenye meza ile ile.

"Mia tano na moja," akasema. Hakuna aliyesimama.

"Na shimo la mama yako mkubwa limo?"

"Limo, Baba. Limeungana."

"Ni kiasi gani?"

Akalizungushia mstari kwa kidole. "Mbili na kidogo." Akaondoa kidole, akasema, "Lile lilichimbwa kwa mikono. Halikuchimbwa na maji. Niliondoe?"

Nilimwangalia. Angeliondoa kama ningesema, ndivyo alivyo.

"Andika kwamba lilichimbwa na watu, na sababu yake," nikamwambia. "Lakini usiliondoe. Wao ndio waliolichimba."

Aliandika hivyo hivyo. Mhandisi akasaini, sidhani alisoma zaidi ya namba. Malori yalikuja wiki ya tatu, wakajaza mawe kwenye masanduku ya waya na kuyapanga ukingoni. Wamepanga vizuri, siwezi kusema uongo. Mkubwa wao alikuja kupigwa picha mbele ya kazi, akauliza mwenye kiwanja yuko wapi. Nilikuwa ndani, nimefunga mlango.