Rudia Ujumbe

Kalondu alikuwa mwanajeshi miaka saba, kazi yake kukaa mbele ya redio na kupokea habari. Aliposhika mimba akavuliwa sare, maana kikosi cha wanawake hakikuruhusu mama. Mwaka wa themanini na nne, mtoto wake alipofika miezi minane, mvua ilikuwa imekataa Kitui nzima, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yanakauka.

Cheti chake cha jeshi kilisema: Mtu wa Mawasiliano, Daraja la Pili, Tabia Njema Sana. Ofisi tatu za mjini zilikisoma zikamrudishia. Karani mmoja alimuuliza kama anajua kupiga taipu. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli wanawake wa jeshini hulala na bunduki, akacheka peke yake.

Ofisi ya nne ilikuwa ya hospitali ya misheni. Alipokuwa akingoja aliona waya mrefu wa redio umefungwa juu ya bati. Alipoitwa, aliacha cheti mfukoni.

"Mzee, hapa mna redio ya kuongea na zahanati," alimwambia Nzomo, katibu wa hospitali. "Mimi naweza kusikia ujumbe katika kelele, nikauandika, nikausoma tena kwa aliyeutuma hadi akubali ni wenyewe. Na simu pia naweza."

Nzomo alimtazama sana. "Wiki mbili za majaribio," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Hapa hakuna afande."

Siku ya sita simu ililia kutoka hospitali kubwa ya Nairobi. Kalondu aliandika kila neno, akausoma ujumbe tena, akaambiwa ni sawa. Kisha akafungua dirisha dogo. Nje, kwenye benchi, palikuwa na mkulima aitwaye Muthama, aliyekuwa akingoja habari za mkewe tangu Jumapili.

"Muthama. Mkeo amefariki leo saa nne na dakika kumi. Mwili uchukuliwe kabla ya Ijumaa. Rudia ujumbe."

Muthama alisimama wima, kofia mkononi. "Mke wangu amefariki leo saa nne," alianza kwa utiifu, "na dakika..." Akaanguka. Wauguzi walimwokota chini.

Jioni Nzomo alimwita. "Wewe una moyo wa namna gani?"

"Mzee, nilifundishwa kuhakikisha mtu amesikia. Akishasikia afanyiwe nini, hilo sikufundishwa."

"Kesho asubuhi unipe funguo, uende."

Kalondu alirudi kwa mamake. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena. Hakukuwa na ofisi ya tano. Alikuwa amezihesabu njiani.

Asubuhi alimkuta Muthama kwenye benchi lile lile, akingoja gari la jamaa zake limpeleke kuchukua mwili. Kalondu alitaka kupita. Badala yake akaketi karibu naye, mikono magotini.

Muthama akauliza, bila kumtazama, "Jana nilirudia sawa?"

"Ulirudia sawa," Kalondu alisema. "Sikupaswa kukuambia urudie, baba. Nisamehe."

Muthama alisogea kidogo, labda ampe nafasi, labda ajitenge. Hata leo Kalondu hajui.

Ofisini saa mbili ilikuwa imegonga na zahanati za kaskazini zilikuwa zinaita. Nzomo alikuwa ameshika redio mwenyewe. Aliyeita ni Bulle, mhudumu wa zahanati ya mbali karibu na mto Tana; kwake kipindupindu kilikuwa kimeingia.

"Dripu saba. Nimesikia," Nzomo alipaza sauti, akaandika.

Kalondu alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Katika zile kelele alikuwa amesikia mkia wa neno. "Mzee, si saba. Mwambie ataje tarakimu moja moja."

Nzomo aliuliza. Sauti ya Bulle ikaja kwa hasira: "Saba. Sifuri. Sabini. Leo mbona hamrudii ujumbe? Yule mama yuko wapi?"

Nzomo aliikata namba aliyoandika. Aliitazama karatasi, kisha akainuka kitini.

"Redio peke yake," akasema. "Simu ni ya mwingine, na habari ya kifo ataitoa matroni. Utakuwa kibarua, mwezi kwa mwezi. Wakileta mwenye cheti cha serikali, sitakuwa na la kukutetea."

"Nimekubali, Mzee."

Aliketi, akavaa visikizio masikioni, akamwita Bulle. Hakuwa amekula tangu jana, na ilimbidi aandike ile sabini mara mbili ndipo isomeke.