Habari za Juu ya Bomba

Baba yangu, Mzee Osiako, alikuwa akitutangazia habari za asubuhi kutoka juu ya bomba. Lilikuwa bomba la maji la chuma, alilolilaza juu ya nguzo mbili za mkaratusi nyuma ya jikoni, hapa kwetu Khwisero. Kila asubuhi kabla ya kwenda kupakia miwa alilishika, akajivuta mpaka kidevu kikapita, akachungulia ng'ambo ya ua wetu mrefu wa miti, kisha akatuambia sisi tuliokuwa chini na vikombe vya uji.

"Mama Nasambu ameshika ingokho miguu. Kuna mgeni huko leo, huyo kuku hafiki jioni." Anashuka, anapanda tena. "Karani wa kanisa ameanguka na baiskeli. Anaangalia kama kuna mtu ameona."

Mama alikuwa akicheka mpaka uji unamwagika. Ukinikuta siku hizi nimenyamaza katikati ya kusuka mtu nywele, jua niko pale chini ya bomba, nasubiri Baba apande tena. Nazitamani asubuhi zile kuliko kitu chochote kinachouzwa dukani.

Mama alishatutoka. Mwaka jana kiharusi kikampiga Baba upande wa kulia, nami nikarudi nyumbani kumtunza. Mguu ulimrudia kiasi; kwa mkongojo angeweza kufika uani. Hakutaka. Alikula matonge mawili matatu ya obusuma, ugali wetu, akageukia ukuta. Daktari alinivuta kando akaniambia kwamba asipoinuka, kitanda kitammaliza kabla ya kiharusi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamletea hadi mchungaji. Baba alimwombea mchungaji safari njema na kuugeukia ukuta vilevile.

Siku moja nilikuwa naanika nguo kwenye lile bomba. Shuka likaniponyoka, likaanguka matopeni kwa mara ya pili. Mimi si mtu wa subira, hata wateja wangu wanajua. Nikalirukia bomba kama mtu anayetaka kuling'oa, nikaning'inia kidogo, vidole vikafunguka, nikakaa juu ya shuka.

Kutoka dirishani kwa Baba kikaja kicheko. Sikuwa nimekisikia tangu augue.

"Mabega, Awinja," akasema. "Umeyaacha yamefika kwa masikio. Unaning'inianga kama hiyo shuka."

"Njoo unionyeshe basi."

Akaja. Alichukua muda mrefu kutoka mlangoni, nami nikajifanya nakamua shuka ili asione machozi yangu. Nikamwekea kiti chini ya dirisha la jikoni. Neno la kwanza alilosema alipokaa lilikuwa niende nikatikise nguzo moja moja, nione kama zimeoza.

Tangu siku hiyo tulikuwa na kazi, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi wa bomba. Nikafikiri nitaanza kujivuta, akanikataza.

"Utajivuta na nini? Hauna mgongo bado. Ning'inia kwanza."

Basi nikaning'inia: viganja vikitazama mbele, mikono ikipita upana wa mabega kidogo, miguu hewani. Halafu akanifundisha kuyavuta mabega chini, yaachane na masikio, bila kukunja viwiko. Mwili unapanda kidogo sana, mtu wa pembeni asingeona, lakini yeye aliona. Hakunihesabia. Alitaja wenzake wa kupakia miwa, taratibu, kila jina na pumzi yake: Osundwa. Wanjala. Kiprono. Mustafa. Mwanzoni nilidondoka kabla Osundwa hajaisha. Nikipumzika, alinisimulia habari zake: jinsi Osundwa alivyoimba juu ya trela, jinsi Mustafa alivyowaletea tende mwezi wa Ramadhani na wote wakajifanya wamefunga. Uso wake ulirudiwa na rangi akisimulia. Nilitamani kuwajua wale wanaume walipokuwa na mabega yao.

Alitaka nifanye siku moja, nipumzike siku inayofuata. Nami kwa haraka zangu nikawa naning'inia kisirisiri hata siku ya kupumzika, mpaka viwiko vikauma nikashindwa kuinua sufuria. Akanifungia bomba wiki nzima, lakini yeye aliendelea kutoka nje. Alisema analilinda.

Nilipoweza kuning'inia mpaka Mustafa atajwe na kupita, akaniambia nilete stuli.

"Sasa utajifunza kushuka. Panda na stuli mpaka kidevu kipite, toa miguu, halafu shuka polepole. Mkono ukijua kushuka, kupanda utakuja wenyewe."

Nikapanda. Kidevu kikapita bomba, na kwa mara ya kwanza maishani nikachungulia ng'ambo ya ua. Tulipokuwa watoto hatukuthubutu kugusa nguzo zile, na tulipokua hakuna aliyefikiria.

Hakukuwa na barabara. Nyuma ya ua ardhi inapanda, na kilima hakikuota jana; kutoka chini tulikuwa tukiona vilele vya migomba tu. Niliona migomba ya jirani, na nyuma ya migomba, udongo. Hakuna uwanja wa Mama Nasambu, hakuna njia ya kanisani. Mtu asingeona kitu pale hata angekuwa twiga.

"Shuka," Baba akasema. "Polepole. Na usiniambie unaona nini. Umepandishwa na stuli, hiyo si yako. Utasema siku utajivuta mwenyewe."

Nikashuka mpaka mikono ikanyooka. Asubuhi zetu zote zilikuwa za kutungwa. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamwazia akiwa juu ya bomba, ameukabili udongo, kazi ya miwa ikimsubiri, akitafuta cha kumchekesha mke wake. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu. Siku nitakapofika juu, nitamwambia nini? Nikisema ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya asubuhi zake. Na kazi yetu ikiisha, si atarudi kitandani?

Nikatamani nichelewe, lakini mwili haukunisikia. Kushuka kukawa kurefu, majina manne yakaisha nikiwa bado hewani. Baba akanituma kwa fundi wa boda boda nikalete tyubu kuukuu. Tuliikagua isiwe na ufa, nikaizungusha kwenye bomba ikawa kitanzi, nikaweka mguu ndani, nayo ikanisukuma nikijivuta. Baadaye tukaiacha, tukaweka ya baiskeli, nyembamba, yenye msaada mdogo. Kisha asubuhi moja Baba akaitazama ile ya baiskeli, akaniambia niitoe.

Nikashika. Nikavuta mabega chini, kisha viwiko vikafuata. Katikati nikakwama. Sikurusha miguu. Nikavuta tena, na kidevu kikapita bomba.

"Sema," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Migomba. Udongo.

"Kuna ndume anapita barabarani," nikasema. "Mkubwa, mweusi. Wanampeleka Malinya kupigana na mafahali wenzake. Watu wamejaa nyuma yake."

Nikashuka polepole mpaka mwisho, nikageuka. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Ndume ya Malinya haipitangi kimya, mama," akasema. "Wanaipeleka na nyimbo. Isukuti iko wapi? Mimi niko hapa, sijasikia ngoma hata moja."

Akainua uso, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mamako hangekubali hiyo," akasema. "Kujivuta umejua. Kudanganya bado uko kwa stuli." Akaushika mkongojo wake, akajisogeza vizuri kwenye kiti. "Pumzika kidogo, halafu upande tena. Na safari hii anza na kitu kidogo, kama kuku."