Sufuri za Saba B

Kila asubuhi, kabla mtu mwingine hajafika, Ghislaine alifuta ubao wa darasa lake, Saba B, kwa kitambaa kibichi, akaandika tarehe juu upande wa kulia, kisha akarudi nyuma kidogo kutazama kama mstari umenyooka. Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekwisha, watoto walikuwa nyumbani wakingoja bulletin zao, yaani ripoti za alama, lakini mkono ulikuwa umezoea. Siku hiyo alikuwa bado anaandika jina la mwezi wakati mlango uliposukumwa, na Prefe Grégoire, mkuu wa shule, akaingia ameshika tai yake mkononi kama mtu aliyeokota nyoka mdogo.

"Ghislaine, conseil inakuja leo. Haiko tena kesho. Saa ine."

Chaki ikakatika.

"Papa Déogratias yeye iko na malaria," Prefe akaendelea, huku akijaribu kufunga tai bila kioo. Papa Déogratias ndiye aliyesimamia masomo, na kila mwaka ndiye aliyelisomea baraza la shule ripoti ya matokeo. "Sasa ni weye utasoma."

"Mimi, Papa Prefe?"

"Hesabu alifanya nani?"

Hesabu alifanya yeye, hilo halikuwa na ubishi. Katika shule yao ya chama cha wazazi, pale Nyalukemba, Ghislaine ndiye aliyejua kuipa kompyuta alama za darasa zima na kupata majedwali bila kuitukana. Lakini kufanya hesabu ni jambo moja, kusimama mbele ya watu ni jambo lingine. Huyu ni mtu aliyenunua nyanya soko la Kadutu kwa bei ya kwanza, si kwa sababu alikuwa na pesa nyingi, bali kwa sababu alimwonea haya muuzaji. Mbele ya watoto sauti yake ilisikika hadi barabarani. Mbele ya watu wazima ilijificha.

"Ni page moja tu," Prefe akamtuliza. "Nimeikata vizuri. Mama Présidente hapendi karatasi mingi."

Akaiweka juu ya meza, akatoka na tai yake iliyopinda.

Ghislaine aliisoma akiwa amesimama. Majedwali yote yalikuwepo. Darasa la saba A: wanafunzi arobaini, waliofaulu thelathini na wanne, asilimia themanini na tano. Saba B: wanafunzi arobaini na wawili, waliofaulu ishirini na wanne, asilimia hamsini na saba. Kisha akatafuta chini, mahali alipokuwa ameandika mistari minne kwa herufi ndogo. Mistari haikuwepo. Prefe alikuwa amekata hapo hapo.

Delphin, mwalimu wa hesabu na msimamizi wa Saba A, alimkuta bado anaiangalia karatasi.

"Batu banasema leo weye ndiye mutangazaji," akasema. "Kunywa maji. Na usisome kama uko unaungama."

"Delphin, bametoa angalizo yangu."

"Ile ya chini? Mama, ile uliandika kama mutu anakohoa ndani ya misa. Nani angeisikia?" Akamwona uso, akaacha kucheka. "Sasa waambie kwa mudomo."

"Nitawaambia namna gani, na Papa Prefe iko pale?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Mnamo mwezi wa pili, mambo yalipoharibika kwa vita huko bondeni, watoto kumi na watano walifika kutoka pande za Luvungi, wengine na mama zao, wengine na shangazi tu, wote bila karatasi yoyote ya shule. Wakaingizwa Saba B kwa sababu ndiko kulikokuwa na madawati. Walisoma muhula wa pili wote na kufanya mtihani wake. Alama za muhula wa kwanza hawakuwa nazo. Mtoto anayehama huleta bulletin ya shule alikotoka, lakini za hawa zilibaki kwenye nyumba zilizofungwa haraka.

Na Prefe Grégoire alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: katika karatasi ya alama, kisanduku hakiachwi wazi. Alipokuwa mwalimu kijana, katika shule nyingine, aliona visanduku vitupu vya Ijumaa vikiamka Jumatatu vimezaa kumi na nne, kumi na sita. Tangu alipokuwa prefe, pasipo na alama hutiwa sufuri kwa wino mwekundu, mbele ya mashahidi. Kila mzazi wa Nyalukemba alijua kwamba kwa Grégoire alama hainunuliwi. Kwa hiyo Ghislaine alijaza sufuri za muhula wa kwanza, mtoto mmoja baada ya mwingine, somo moja baada ya jingine, na kompyuta ikajumlisha kwa utii. Hilo ndilo ile mistari minne ililokuwa imeeleza.

Saa nne baraza likaja, likakaa humo humo Saba B kwa sababu paa la ofisi lilikuwa linavuja. Mama Adélaïde, rais wa baraza, mkunga mstaafu mwenye mwili mkubwa, alijibana kwenye dawati la mtoto na kutangaza kwamba akishindwa kutoka, wamzalishe. Pembeni yake alikaa Papa Jean-de-Dieu, mjumbe wa wazazi, mwenye duka la mbao na kalamu tatu mfukoni. Wengine wawili walikuja kwa ajili ya chai, au hivyo ndivyo walivyoonekana.

Ghislaine akasoma.

"Kwa sauti, mutoto yangu," Mama Adélaïde akasema. "Sisi tuko wazee."

Akarudia kusoma. Darasa kwa darasa, somo kwa somo. Alipofika kwenye Saba B, kalamu moja ya Papa Jean-de-Dieu ilitoka mfukoni.

"Hamsini na saba? Mwaka jana ilikuwa ngapi?"

"Themanini na moja, Papa."

"Basi tuseme ukweli, tusiogopane. Bale batoto ba bonde banatuvuta chini. Mimi siko mutu mubaya. Lakini muzazi akiona hamsini na saba, anapeleka mutoto kwingine, na sisi tunabaki na madawati." Akapiga kalamu mezani. "Napendekeza: wote wako chini ya arobaini, kwenye bulletin tuandike 'aelekezwe shule nyingine.' Conseil ya darasa, ile ya walimu, inakaa kesho, ikubali, tumalize. Ni ngapi hao?"

Ghislaine alijua idadi bila kuangalia. "Kumi na watano."

"Unaona sasa."

Mama Adélaïde alipumua. "Kumi na watano ni wengi. Prefe?"

Prefe Grégoire alikunja mikono. Haikumfurahisha, ilionekana, lakini alama ni alama. "Kama conseil inapenda hivyo."

"Mwalimu, uko na neno?"

"Hapana, Mama," Ghislaine akajibu, na papo hapo akajichukia.

Chai ikaja, na mandazi. Papa Jean-de-Dieu alianza kuandika pendekezo lake kwa mwandiko mzuri, herufi za mwanzo zikiwa na mikia. Delphin, aliyekuwa amesimama mlangoni kana kwamba anapita tu, alikohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kanisani. Ghislaine akamtazama, akaelewa, na uso ukamchemka. Alisimama. Kwa kuwa hakujua aanze na maneno gani, alichukua kipande cha chaki.

"Mama Présidente, naomba kufanya hesabu moja."

"Fanya."

"Tuseme mutoto iko na akili kupita wote. Amefika mwezi wa pili. Muhula wa pili amepata yote, mia kwa mia." Akaandika mia. "Muhula wa kwanza hakukuwa hapa. Tumemuandikia sufuri." Akaandika sufuri. "Tunajumlisha, tunagawa kwa mbili."

"Hamsini," akasema Mama Adélaïde.

"Hamsini. Yule wa mia kwa mia, na hamsini ndiyo mwisho wa kufaulu. Sasa Merveille, ule wa kwanza kati yao, alipata sabini na nane. Ni alama ya tatu ya darasa yote, Mama. Kwenye karatasi iko na thelathini na tisa."

Chai ilikuwa ikipoa. Mmoja wa wale wawili akaacha andazi lake.

"Hakuna hata mmoja kati yao angeweza kufaulu," Ghislaine akaendelea, sasa akizungumza na ubao, maana ubao haukumtazama. "Wale ishirini na saba wa tangu mwanzo, wamefaulu ishirini na wane. Ni karibu themanini na tisa kwa mia. Inapita Saba A."

"Eh," akasema Delphin mlangoni. "Polepole huko."

"Na wale kumi na watano, tukiwahesabia muhula wao tu, kumi na mmoja wamepita hamsini. Darasa nzima inakuwa thelathini na watano juu ya arobaini na wawili. Themanini na tatu."

Wote wakamgeukia Prefe Grégoire. Ghislaine hakuthubutu. Alisikia dawati likilia, viatu vikija, na Prefe akasimama karibu naye mbele ya ubao, akisoma ile hesabu ndogo kutoka juu hadi chini kama vile ingekuwa ndefu.

"Sufuri ni ya kuzuia wezi," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Papa Prefe."

"Aba batoto hawakuiba kitu."

"Hapana, Papa Prefe."

Akachukua chaki mkononi mwa Ghislaine, akafuta ile sufuri kwa kiganja, akachora mahali pake mstari mrefu mnene. "Hakuna mutu anaweza kuandika juu ya ile," akasema, na vumbi la chaki likamshika kwenye tai. "Kesho kwenye conseil ya darasa tunahesabu muhula walisoma. Na mimi nitaandika sababu kwenye procès-verbal ya kikao."

Papa Jean-de-Dieu hakuwa mtu wa kushindwa bila kuokoa chochote. Akafuta mstari mmoja kwenye pendekezo lake, akaandika juu yake. "Vizuri. Kumi na mmoja wabaki, hesabu imewasaidia. Bale bane banabaki chini, ndio baelekezwe. Hapo hesabu haiwezi tena kuwasaidia. Mwalimu, ni sawa?"

Ilikuwa sawa. Mtu yeyote angesema ilikuwa sawa. Wanne walikuwa na thelathini na nane, arobaini na moja, arobaini na nne, arobaini na sita. Hakuna hesabu ya kuwainua. Mama Adélaïde tayari alikuwa anatafuta njia ya kutoka kwenye dawati. Ghislaine alifungua mdomo aseme ndiyo, kama kawaida yake, na ndiyo haikutoka.

"Hapana, Papa. Haiko sawa." Aliligeukia baraza, mgongo wake ukiegemea ubao. "Wako na mutihani wa marudio kama mutoto mwingine yeyote wa shule hii. Wakishindwa, warudie Saba, hapa, kwangu. Mimi sikuleta hesabu kwa sababu ya pourcentage. Nawapenda aba batoto, na nataka wabaki wote."