Mizimu ya Tope Haicheki

Nesime alianza kucheka kabla hajaota meno, na tangu hapo hakupumzika. Ndiyo maana bibi yake, Kepaso, alishangaa Mwalimu Akepa alipomchagua kuwa mzimu wa mbele katika mchezo wa mizimu ya tope, siku ya sikukuu ya shule.

Hadithi yenyewe hakuna mtoto wa bonde la Asaro asiyeijua. Wazee walipigwa vitani, wakajitosa mtoni, wakajificha humo mpaka adui akaanza kusherehekea. Walipotoka, tope jeupe lilikuwa limewaganda mwili mzima. Adui akadhani maiti wameamka, akakimbia bila kugeuka. Basi wanaoicheza hawapigi ngoma wala hawaimbi. Mzimu mmoja akicheka, hadithi imekufa palepale.

"Mwalimu, huyu kasuku atatuaibisha," alisema Opore, aliyeigiza mkuu wa maadui.

"Wewe kazi yako ni kukimbia tu," Nesime akamjibu. "Na hilo tumbo lako, sijui kama utafika mbali!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. "Nesime, ukicheka siku yenyewe, kinyago hutakivaa tena shuleni hapa."

Siku hiyo binti alirudi nyumbani kimya. Kepaso akajua limemwingia.

Kinyago walikitengeneza pamoja. Wakubwa huvifinyanga kwa udongo mtupu, vizito hata shingo zikauma, lakini shingo ya mtoto haiwezi. Kwa hiyo walipuliza puto, wakachana magazeti vipande virefu, wakavichovya kwenye uji wa unga wa ngano uliotiwa chumvi nyingi ili panya wasivitamani. Wakabandika safu moja wima, nyingine ya kulala. Kila safu ikauke kivulini kabla ya inayofuata. Kisha wakapasua puto, wakakata matundu ya shingo, macho na mdomo, wakatia meno ya nguruwe, wakashona kata ya matambara ndani ili kisicheze kichwani. Mwisho wakapaka tope jeupe la mtoni.

Kosa lilikuwa hapo. Safu ya ndani ilikuwa bado na unyevu.

"Tungoje, mama," Kepaso alisema.

"Bibi, nataka kifanane na cha kweli! Kipake tu." Na bibi, kwa kumpenda, akapaka.

Siku ya sikukuu, manyunyu yalianza zamu yao ilipofika. Maadui wakala viazi vitamu na kupiga kelele za ushindi. Nyuma ya kitambaa cha buluu, ambacho ndicho mto, mizimu ikainuka ikichuruzika tope, kucha ndefu za mianzi vidoleni. Hatua moja, goti likunjwe, kichwa kigeuke polepole. Mkono ukapunga jani kufukuza nzi, maana maiti hawakosi nzi. Alikogeuka wa mbele, wote wakageuka.

Kepaso akaona matundu ya macho ya Nesime yakishuka. Karatasi ilikuwa imelowa, kinyago kikalegea, macho yakafika mashavuni. Mtoto alikuwa haoni kitu.

Sasa atapiga kelele, bibi akawaza. Au atacheka.

Nesime akasimama. Akainua mikono, akapapasa hewa. Hilo hawakufundishwa. Akaifuata sauti ya maadui, kichwa kimeinamia upande kama anayesikiliza kutoka chini ya ardhi. Nyuma yake mizimu yote ikanyoosha mikono, ikapapasa vilevile. Opore akaacha kuigiza. Alitupa kiazi, akalia "Mama!" akakimbia kwelikweli, wenzake nyuma yake.

Kelele zikaisha. Hapakuwa na sauti ya kumwongoza tena, naye akaendelea mbele, moja kwa moja kwenye watu. Wanaume wazima wakarudi nyuma, wakakanyagana, wala hakuna aliyethubutu kunong'ona. Kucha za mianzi zikafika usoni pa Kepaso, zikampapasa shavu, baridi.

Kinyago alikijua. Meno yale aliyapachika mwenyewe. Neno moja tu, "geuka, mama," lingetosha kumwokoa, nalo lilikuwa ulimini. Lakini aliyesimama mbele yake hakuwa tena Nesime. Akafunga mdomo.

Mzimu ukashusha mkono. Ukaburuza unyayo huku na huku mpaka ukagusa utelezi, lile tope walilolidondosha wakitoka mtoni. Ukaufuata utelezi, unyayo kwa unyayo, na wote wakaufuata, mpaka kitambaa cha buluu kikawameza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Akepa alisahau kuita darasa linalofuata.

Kepaso alimkuta mjukuu wake nyuma ya kitambaa, amevua kinyago, tope la karatasi limemjaa nyusi.

"Bibi, nimecheka?"

"Hukucheka."

"Kuna mtu nilimgusa. Hakusema kitu. Nikaogopa, Bibi, nikadhani ni mmoja wao, wale wa zamani. Alikuwa nani?"

Kepaso alijipangusa shavu, akautazama ule weupe kwenye kiganja chake.